Mashine imefika Malaba: jinsi ya kugawa bili ya forodha kati ya gharama ya mali, VAT, kodi ya zuio na matumizi

Mtu akiagiza mashine kutoka China au India, bili ya forodha humjia kama jumla moja. Wakala humtumia namba ya malipo ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, naye analipa benki au kwa simu, na kwenye daftari anaandika mstari mmoja: "ushuru, milioni ishirini na tisa." Hapo ndipo hesabu za mashine hiyo huharibika kwa miaka yote inayofuata, kwa sababu ndani ya jumla hiyo kuna fedha za aina tofauti. Baadhi ni sehemu ya bei ya mashine na zitapunguzwa taratibu kama uchakavu. Baadhi zinarudi kwako. Nyingine ni kodi ya mapato uliyotangulia kulipa. Na kama mambo hayakwenda vizuri bandarini, kuna nyingine ambazo ni hasara tu ya mwaka huu.

Mwongozo huu ni wa biashara ndogo au ya kati iliyosajiliwa Uganda, inayoleta vifaa kwa meli kupitia Mombasa. Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: kiwanda kidogo cha juisi Mbale kinacholeta kontena moja lenye vitu viwili. Kwanza ni mashine ya kujaza chupa na kukaza vizibo, bei yake ikiwa dola 18,000 kabla ya nauli. Pili ni meza na rafu za chuma kisichoshika kutu za chumba cha kazi, dola 6,000. Kiwanda na bei zake ni vya mfano. Vitu hivi viwili nimevichagua makusudi, kwa sababu vimo kwenye kontena moja na ankara moja lakini forodha na kitabu cha uchakavu havivitendei sawa.

Kabla ya kutuma fedha: msimbo wa ushuru

Uganda hutumia ushuru wa pamoja wa nje wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na sheria ya forodha ni ile ya Jumuiya ya mwaka 2004. Viwango vikuu vilikuwa vitatu: 0% kwa malighafi na mitambo, 10% kwa bidhaa za kati, na 25% kwa bidhaa zilizokamilika. Julai 2022 kikaongezwa cha nne, 35%, kwa bidhaa ambazo nchi za Jumuiya zinaona zinaweza kuzitengeneza zenyewe. Samani zimo humo.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kila kitu kilichomo kina msimbo gani. Mashine ya kujaza chupa iko kwenye kichwa 8422 cha sura ya 84, na ushuru wake ni 0%. Meza na rafu za chuma ziko kwenye kichwa 9403, samani, kwa 35%. Haijalishi kwamba meza zitakaa kiwandani kando ya mashine na hazitaingia sebuleni kwa mtu. Forodha inaangalia kitu chenyewe ni nini, na meza ni meza.

Wauzaji wengi wa China hupenda kuandika ankara ya mstari mmoja: "seti kamili ya kutengeneza juisi, dola 24,000." Ikataeni. Omba ankara yenye kila kitu kwa jina, idadi, uzito na bei yake. Ukija na seti ya mstari mmoja, ofisa wa forodha ndiye atakayekugawia bei, naye hana sababu ya kugawa kwa namna inayokufaa. Na hata akipitisha seti yote kama mashine ya 0%, ujue ukaguzi wa baada ya bidhaa kutoka unaweza kukufikia miaka kadhaa baadaye ukiwa na deni na adhabu juu yake. Kama msimbo una utata, sheria inakuruhusu kuomba URA uamuzi wa mapema wa maandishi kabla bidhaa hazijapakiwa. Wachache huutumia. Kwa kifaa cha bei kubwa ningeuomba kila mara.

Hapa pia ndipo pa kujiuliza kama kila kitu kinastahili kusafirishwa. Tutaona hapa chini kwamba meza za dola 6,000 zikifika Mbale zinakuwa zimegharimu karibu shilingi milioni 36.2, wakati bei yake ya kiwandani ni shilingi milioni 21.6. Fundi wa chuma wa Katwe au wa hapo hapo Mbale anayejua kuchomelea chuma hicho huenda akakufanyia kwa chini ya hapo. Mashine ya kujaza chupa haina mpinzani wa namna hiyo, lakini meza zinaye.

Thamani ya forodha

Ushuru haupigwi kwenye bei ya muuzaji peke yake. Unapigwa kwenye thamani inayojumlisha bei, bima na nauli hadi bandari ya kuingilia, ile inayoandikwa CIF. Kwa mzigo wetu bandari hiyo ni Mombasa. Lori la kutoka Mombasa kuja Mbale halimo kwenye thamani hiyo, ingawa litaingia kwenye gharama ya mali baadaye.

Nauli ya meli ya kontena letu ni dola 3,000 na bima ni dola 240. Zinagawanywa kwa vitu viwili kwa uwiano wa bei. Mashine ni robo tatu ya ankara, meza ni robo. Basi mashine inabeba nauli ya 2,250 na bima ya 180, na CIF yake inakuwa dola 20,430. Meza zinabeba 750 na 60, na CIF yake ni dola 6,810. Jumla ni 27,240.

Forodha hubadili dola kuwa shilingi kwa kiwango ambacho URA hutangaza kila mwezi, si kwa kiwango cha benki yako siku uliyolipa. Kwa wepesi wa hesabu tuchukue shilingi 3,600 kwa dola, kote kote. Mashine inakuwa shilingi 73,548,000 na meza 24,516,000, jumla 98,064,000.

Nimesema kwa wepesi wa hesabu, kwa sababu katika vitabu halisi viwango hivi haviwi sawa, na watu wengi hunakili thamani ya shilingi iliyo kwenye tamko la forodha na kuiweka kama bei ya mashine. Hiyo si bei uliyolipa. Kama ulituma amana ya 30% mwezi wa tatu na salio mwezi wa tano, sehemu ya amana inaingia kwa kiwango cha siku uliyoituma, na iliyobaki kwa kiwango cha siku mali ilipokuwa yako. Tofauti ya kubadili fedha inayojitokeza kwenye deni baada ya hapo ni faida au hasara ya mwaka, haigusi mashine. Kilichotoka forodha kuja kwenye gharama ya mali ni shilingi za ushuru na tozo ulizolipa kweli, basi.

Kosa la jamii hiyo hiyo hutokea ofisa anapokataa bei yako na kuipandisha. Tuseme anaona meza za dola 6,000 zina thamani ya 8,000. Ushuru utapanda, na huo ushuru mkubwa uliolipwa kweli unaingia kwenye gharama. Zile dola 2,000 za ziada haziingii popote, maana hukumlipa mtu yeyote. Namna ya kulitambua jambo hili ni rahisi: weka ankara ya muuzaji kando ya tamko la forodha, linganisha thamani ya kila mstari. Zikitofautiana kwa zaidi ya nauli na bima, uliza kwa nini kabla ya kuandika chochote.

Kuisoma bili, mstari kwa mstari

Sasa tuifungue bili. Mfumo wa forodha, ASYCUDA, hutoa tamko lenye mistari ya kodi kwa kila kitu. Mwambie wakala akupe tamko zima na hati ya makadirio. Risiti ya benki peke yake haitoshi, kwani inaonyesha jumla tu.

Mashine, yenye thamani ya 73,548,000, haina ushuru. Kuna mstari mmoja tu wenye uzito: VAT ya 18%, yaani 13,238,640. Kodi ya zuio ya 6% kwa bidhaa zinazoingia haiigusi, kwa kuwa sheria ya kodi ya mapato inaisamehe mitambo na mashine. Ukiiona kwenye mstari wa mashine, mwambie wakala aifuatilie kabla hujalipa. Kuirudisha baadaye ni safari nyingine.

Katika mfano wetu meza zina mistari minne. Ushuru wa 35% wa 24,516,000 ni 8,580,600. Tozo ya miundombinu ya 1.5% ni 367,740. Kodi ya zuio ya 6% ni 1,470,960. VAT ya meza haipigwi kwenye thamani ya forodha tupu. Inapigwa baada ya kuongeza ushuru na tozo, yaani kwenye 33,464,340, nayo inatoka 6,023,581. Ndiyo, unalipa VAT juu ya ushuru.

Jumla ya bili ni shilingi 29,681,521. Bajeti za Juni hupenda kuongeza au kubadili tozo, kwa hiyo ukikuta mstari usioujua kwenye tamko lako, jiulize maswali mawili: je, fedha hii inarudi kwangu kwa njia yoyote? Je, nimeilipa ili kitu hiki kiingie nchini? Kama jibu la kwanza ni hapana na la pili ni ndiyo, itendee kama ushuru.

Kila mstari uende wapi

Kanuni ya uhasibu haina utata. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu IAS 16, na sehemu ya 17 ya kanuni za biashara ndogo na za kati, zinasema gharama ya mali ni bei ya kununulia pamoja na ushuru wa kuingiza na kodi zisizorudishwa, ukiondoa punguzo, pamoja na gharama za kuifikisha mali mahali pake na kuiweka tayari kufanya kazi. Neno la kushikilia hapo ni "zisizorudishwa."

Ushuru wa 8,580,600 na tozo ya 367,740 havirudi. Vyote viwili vinaingia kwenye gharama, na vinaingia kwenye meza peke yake. Nimeona wahasibu wakichukua ushuru wote wa kontena na kuugawa kwa uwiano wa bei, robo tatu kwa mashine. Nauli hugawanywa hivyo kwa sababu haina mwenyewe. Ushuru una mwenyewe, na tamko limeshamtaja.

VAT inategemea wewe ni nani. Kiwanda kilichosajiliwa kwa VAT na kinachouza bidhaa inayotozwa VAT hudai 19,262,221 kwenye ritani ya mwezi husika, kwa hiyo kiasi hicho ni dai lako kwa URA, hakigusi gharama ya mali. Asiyesajiliwa hana pa kudai, na kwake VAT yote ni sehemu ya bei: 13,238,640 juu ya mashine na 6,023,581 juu ya meza. Anayeuza bidhaa zilizosamehewa VAT yumo kwenye kundi hilo la pili hata akiwa na usajili. Anayeuza mchanganyiko hudai sehemu tu, na sehemu asiyoruhusiwa kudai ndiyo inayokwenda kwenye mali.

Kodi ya zuio ya 1,470,960 ndiyo hupotea mara nyingi. Watu huiona imekaa katikati ya ushuru na kuihesabu kama ushuru. Hiyo ni kodi yako ya mapato uliyoilipa mapema. Unaikata kwenye kodi ya mwaka unapoleta ritani. Ukiibandika kwenye gharama ya meza, unaipata kidogo kidogo kama uchakavu, yaani unapata 30% yake ya kodi kwa miaka mingi badala ya kuipata yote mwaka huu. Kampuni yenye historia nzuri ya kulipa inaweza pia kuomba URA cheti cha kusamehewa zuio hilo kwa muda, na ikikipata kabla ya mzigo kufika, mstari huo unatoweka kabisa.

Baada ya forodha kuna gharama za nyumbani. Wakala alichukua 1,200,000. Huduma za bandari na lori hadi Mbale vilikuwa 9,600,000. Zote ni gharama za mali, nazo nimezigawa robo tatu kwa robo. Kwa lori mtu angeweza kugawa kwa nafasi iliyochukuliwa kontenani, maana rafu ni nyepesi ila zinakula nafasi. Chagua njia unayoweza kuieleza na uiandike kwenye faili. Fundi umeme aliyefunga mashine na kuijaribu alilipwa 2,000,000, nayo ni ya mashine tu.

Lakini kontena lilikaa bandarini kwa sababu cheti cha ubora kilichelewa, na kampuni ya meli ikatoza dimareji, yaani tozo ya kuchelewa kwa kontena, ya 1,500,000. Hii haiingii kwenye mashine. Mashine haikuongezeka thamani kwa sababu karatasi zilichelewa. Ni matumizi ya mwaka. Kadhalika adhabu yoyote ya forodha, iwe ya kutokuwa na cheti cha kabla ya kusafirisha kinachotakiwa na shirika la viwango la Uganda, UNBS, au ya kutamka vibaya. Adhabu za aina hiyo zina ubaya zaidi: kwenye kodi ya mapato usizitegemee hata kama punguzo. Mafunzo ya wafanyakazi, 600,000 kwenye mfano wetu, nayo ni matumizi, hata kama mkufunzi alikuja pamoja na mashine.

Gharama kamili ya kila kitu

Kwa kiwanda kilichosajiliwa kwa VAT, hesabu inafungwa hivi:

- Mashine: 73,548,000 + lori na bandari 7,200,000 + wakala 900,000 + ufungaji 2,000,000 = 83,648,000.
- Meza na rafu: 24,516,000 + ushuru 8,580,600 + tozo 367,740 + lori na bandari 2,400,000 + wakala 300,000 = 36,164,340.

Jumla ya mali ni 119,812,340. Asiyesajiliwa angeandika 96,886,640 na 42,187,921, jumla 139,074,561, kwa vitu vile vile kutoka kontena lile lile. Ndiyo maana kunakili gharama za jirani kwenye mpango wako wa biashara ni hatari.

Fedha za kuanzia si sawa na gharama ya mali

Unapoomba mkopo au unapopima kama mradi utalipa, takwimu unayoihitaji ni nyingine. Kabla mashine haijajaza chupa hata moja, zitakuwa zimetoka shilingi hizi: 98,064,000 kwa bidhaa, nauli na bima, 29,681,521 kwa URA, na 12,800,000 kwa wakala, lori na fundi. Jumla 140,545,521. Ongeza dimareji na mafunzo ufike 142,645,521.

Kati ya gharama ya mali na fedha hizo kuna pengo la zaidi ya milioni 20, na karibu pengo lote ni VAT na zuio. Zitarudi, lakini lini? VAT ya 19,262,221 hupunguza VAT unayodaiwa kwenye mauzo, na kiwanda kipya bado hakina mauzo. Dai huhamia mwezi unaofuata, na unaofuata tena, au unaomba kurejeshewa na kusubiri ukaguzi. Kwenye jedwali la mtiririko wa fedha, liandike kama fedha inayotoka mwezi wa kwanza na kuingia tena taratibu kadiri mauzo yanavyokua. Zuio linarudi mwisho wa mwaka wa kodi.

Benki ikikukopesha 120,000,000 kwa kuangalia gharama ya mali, mzigo wako utasimama Mombasa ukisubiri VAT, na dimareji itaanza kuhesabu. Kwa mashine kubwa, aliyesajiliwa anaweza kuomba URA kuahirisha VAT ya mitambo inapoingia, na hapo tatizo hupungua sana. Ombi lifanywe kabla ya tamko kuingizwa, ukishalipa, umeshalipa. Kumbuka utaratibu huo ni wa mitambo, na meza zetu hazitaingia humo.

Uchakavu: kitabu kimoja, hesabu mbili

Ushuru uliouingiza kwenye gharama sasa unaanza kutoka kama uchakavu. Hapa Uganda utafanya hesabu mbili, na zisikuchanganye.

Ya kwanza ni ya vitabu vyako. Unakadiria mashine itatumika miaka mingapi na itauzwa kwa kiasi gani mwishoni. Tukisema miaka 8 bila thamani ya mwisho, uchakavu wa mashine ni 10,456,000 kwa mwaka. Unaanza pale mashine ilipokuwa tayari kutumika, imefungwa na kujaribiwa. Kipindi inaposafiri na kusubiri fundi, gharama zote hukaa kwenye akaunti ya mali ambayo haijakamilika. Akaunti hii ifungueni siku ya amana ya kwanza. Bila hiyo, amana hujificha kwenye "malipo ya awali," ushuru kwenye "kodi," lori kwenye "usafiri," na mwisho wa mwaka hakuna anayeweza kuvikusanya.

Ya pili ni ya kodi. Sheria ya kodi ya mapato hupanga mali kwa madaraja, na kila daraja lina kiwango chake kinachopigwa kwenye salio linalopungua. Mitambo ya viwanda, kilimo na migodi hupata 30%. Samani za kazi na vitu visivyotajwa kwingine hupata 20%. Kompyuta hupata 40%. Kwa hiyo kontena letu linagawanyika tena:

- Mashine, mwaka wa kwanza: 30% ya 83,648,000 = 25,094,400. Salio 58,553,600, na mwaka wa pili 17,566,080.
- Meza na rafu: 20% ya 36,164,340 = 7,232,868. Salio 28,931,472, na mwaka wa pili 5,786,294.

Nimechukulia mwaka mzima wa matumizi. Angalia kwamba ushuru wote mzito umeangukia kwenye daraja la polepole. Hiyo ni sababu nyingine ya kutogawa ushuru kwa uwiano wa bei: ukisukuma robo tatu ya ushuru wa meza kwenye mashine, umeuhamisha kutoka 20% kwenda 30%, na mkaguzi akilinganisha na tamko ataona mara moja.

Kosa la kawaida zaidi ni kuandika ushuru wote kama matumizi ya mwaka. Tulipime. Ushuru wa 8,580,600 ukiandikwa matumizi, umepunguza mapato ya kodi kwa kiasi chote. Uliruhusiwa 20%, yaani 1,716,120. URA itarudisha 6,864,480 kwenye mapato, na kwa kampuni inayolipa 30% hiyo ni kodi ya 2,059,344, na riba ya 2% kwa kila mwezi uliopita. Mkaguzi hahitaji ujanja kulipata: tamko la forodha liko kwenye mfumo wa URA chini ya TIN yako, na akiona ushuru umelipwa mwaka huo huku rejista ya mali ikionyesha meza kwa bei ya ankara tupu, swali linajiuliza lenyewe.

Mfanyabiashara mdogo anayelipa kodi ya makadirio kwa mauzo ghafi haruhusiwi punguzo lolote, uchakavu ukiwemo. Kwake hesabu hii inasaidia kupanga bei na kujua kama mashine inajilipa, lakini haishushi kodi kwa shilingi moja.

Karatasi, na tatizo la kontena la pamoja

Yote niliyoyasema yanasimama juu ya tamko lenye jina lako na TIN yako. Wengi wanaoanza hawaleti kontena lao, huingia kwenye kontena la pamoja la msafirishaji wa Kampala, anayetoza kwa ujazo na kukuambia bei hiyo ina "kila kitu." Tamko la kontena hilo lina TIN yake. Wewe unapata mzigo na kipande cha karatasi. VAT iliyolipwa ndani yake huwezi kuidai, kodi ya zuio imeandikwa kwake, na ushuru huwezi kuuthibitisha. Kwenye vitabu, gharama yako ni fedha uliyomlipa, lakini kwenye kodi hata hiyo inaweza kukataliwa kama hana ankara ya EFRIS, mfumo wa URA wa ankara za kielektroniki, ya kukupa. Kwa mashine ya dola 18,000, akiba ya kontena la pamoja huliwa yote na VAT isiyodaiwa. Kama lazima uchangie kontena, tafuta msafirishaji anayekubali kufanya tamko tofauti kwa kila mwenye mzigo, na uone nakala kabla ya kulipa.

Faili la kila mali liwe na ankara ya muuzaji yenye mistari, hati ya shehena, uthibitisho wa benki wa kila malipo na kiwango chake, tamko la forodha lote, hati ya makadirio, risiti za URA, ankara za EFRIS za wakala na fundi, na karatasi moja inayoonyesha ulivyogawa nauli na lori. Litunzwe angalau miaka mitano, maana huo ndio muda ambao forodha hutaka kumbukumbu ziwepo.

Na ikiwa ndani ya muda huo wakaguzi watarudi na kusema msimbo haukuwa sahihi? Ushuru wa ziada unaongezwa kwenye gharama ya kitu hicho na kuchakaa pamoja na salio lililobaki. VAT ya ziada hudaiwa kama ile ya kwanza. Adhabu na riba huenda kwenye matumizi ya mwaka ule.